Damu Imepanda, Miguu Bado Inawaka

Tuchukue mfano wa mwalimu mstaafu wa miaka 68, Msabato wa Moshi, aliyeacha nyama na samaki miaka kumi na mitano iliyopita. Mayai hayapendi, na maziwa anayoyapata ni yale ya kugeuza rangi ya chai tu. Kwa miezi kadhaa amekuwa akichoka hata kwa kufagia uwanja. Nyayo zilianza kumchomachoma kama sindano, kisha ganzi ikapanda hadi vifundoni. Lakini kilichomtisha kilitokea bafuni: akijipaka sabuni usoni na kufumba macho, anapepesuka mpaka ashike ukuta.

Zahanati alikoanzia walipima wingi wa damu, wakakuta 8.9. Akapewa vidonge vya madini chuma na foliki asidi. Baada ya miezi miwili damu imefika 11 na uchovu umepungua. Miguu ikazidi.

Mtego uko hapo. Uboho, kiwanda cha damu kilichomo ndani ya mifupa, huhitaji vitamini B12 na foliki asidi zifanye kazi pamoja. Foliki ikimiminwa kwa wingi, uboho unaweza kusonga mbele kwa muda hata B12 ikiwa haba, na damu ikapanda. Mishipa ya fahamu haina njia hiyo ya mkato. Utando unaoifunika hutegemea B12 katika kazi ambayo foliki haiwezi kuishika, kwa hiyo huendelea kuharibika huku karatasi ya maabara ikileta matumaini. Hata sehemu ya uti wa mgongo inayopeleka ubongoni habari za mahali miguu ilipo huathirika. Mwenye macho wazi hujisaidia kwa kuona. Akiyafumba, hajui tena amesimamaje. Ndiyo maana sabuni ilimfichua mwalimu kabla ya daktari.

Mbona ilichukua miaka mingi? B12 hutengenezwa na bakteria tu, nasi tunaipata kupitia nyama, ini, samaki, dagaa, mayai na maziwa. Mchicha, maharage na karanga, pamoja na sifa zake zote, hazina. Hata hivyo mahitaji ya siku ni kama mikrogramu 2.4, na mwili huwa na akiba ya miligramu 2 hadi 5, nyingi ikiwa kwenye ini. Akiba hiyo hulika polepole kwa miaka, na mtu hudhani mlo wake haujamdhuru.

Uzee una njia yake. B12 ya chakula imeshikamana na protini, na asidi ya tumbo ndiyo husaidia kuibandua. Kisha hupokewa na protini nyingine inayotolewa na ukuta wa tumbo, ambayo huifikisha mwisho wa utumbo mwembamba inakofyonzwa. Wazee wengi asidi yao hupungua, na wengine kinga ya mwili hushambulia protini hiyo ya kupokea. Mtu wa namna hii anaweza kula ini kila wiki na bado akapungukiwa. Metiformini ya kisukari na omeprazoli ya vidonda vya tumbo, zikitumiwa kwa miaka, nazo huchangia.

Daktari wa pili aligonga chuma chenye ncha mbili kinachotetemeka, akakiweka kwenye kidole gumba cha mguu. Mwalimu hakusikia mtetemo wowote. Akapimwa sukari, kwa kuwa kisukari nacho huleta ganzi ya namna hiyo, ilikuwa sawa. Damu ya kupimia B12 ilichukuliwa kabla ya sindano, maana ukishachoma sindano kipimo hicho hakina maana tena. Jibu lilikuwa chini ya pikogramu 200 kwa mililita, kiwango kinachoonyesha upungufu.

Alianza sindano za haidroksokobalamini, miligramu 1 kwenye msuli kila baada ya siku moja, ziendelee hivyo mpaka miguu iache kupata nafuu zaidi, ndipo zigeuke za kila miezi miwili. Asingekuwa na dalili za mishipa, vidonge vingeweza kutosha. Vidonge vya mikrogramu 1,000 huweza kumsaidia hata mwenye tumbo lililochoka, kwa sababu kama asilimia 1 hupenya utumbo bila kuhitaji mbebaji, nayo ni mikrogramu 10, zaidi ya mahitaji ya siku. Asiyekula nyama ambaye tumbo lake ni zima hutosheka na kidonge kidogo zaidi cha kila siku, ila asikiache.

Uchovu uliondoka ndani ya wiki chache. Mishipa haina haraka, na iliyoumia muda mrefu haiponi yote. Mwezi wa nne mwalimu aliweza kunawa uso bila kushika ukuta. Vidole gumba vya miguu bado vina ganzi.