Babu Mbishi kwenye Somo la Kemia

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha tatu kuhusu kanuni ya Le Chatelier, naye ataighani kwa Kiingereza bila kukosea hata neno moja. Kisha mwulize: tukiupasha moto mchanganyiko huu, amonia itaongezeka au itapungua? Hapo ndipo macho yanapohamia dirishani.

Mfaransa Henri Le Chatelier aliitoa kanuni hiyo mwaka 1884. Inahusu mimenyuko inayokwenda mbele na kurudi nyuma kwa wakati mmoja, mpaka pande zote mbili zikawa na mwendo sawa. Ukiubughudhi msawazo huo, mmenyuko huelekea upande unaopunguza bughudha yako.

Mwalimu mmoja wa kemia aliamua kuigeuza kanuni hii kuwa mchezo. Anajifunga kanga kichwani kama kilemba, anashika rula ndefu kama mkongojo, na darasa zima linapaza sauti: “Shikamoo, babu!” Huyo ni Babu Mbishi, ambaye lolote utakalofanya lazima alipinge. Nyuma yake ubaoni pameandikwa:

N2 + 3H2 ⇌ 2NH3 + joto

“Babu, tunaongeza joto!”

“Mnaniunguza? Basi nalila lote!” Anachechemea kwenda kushoto, kwa kuwa mmenyuko wa kurudi nyuma ndio unaomeza joto. Amonia inapungua.

“Babu, tunakubana!” Yaani wanaongeza mgandamizo. Babu anahesabu kwa vidole: kushoto molekuli 4, kulia 2. “Huku nyumba imejaa, nahamia kwenye nafasi!” Anakwenda kulia, na amonia inaongezeka.

Watoto wanacheka mpaka wanashika mbavu, lakini angalia kilichowachekesha. Kila jibu la babu ndilo jibu la mtihani. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani, Kaplan na Pascoe, waliwajaribu wanafunzi wa chuo kikuu kwa mihadhara yenye vichekesho na isiyo navyo. Papo hapo vichekesho havikuongeza uelewa. Baada ya wiki sita, hata hivyo, wanafunzi walikumbuka vizuri zaidi mambo yale yaliyokuwa yamefungwa ndani ya mifano ya kuchekesha. Nionavyo mimi, hapo ndipo walimu wengi wachekeshaji wanapopotea. Wanasimulia kisa cha mpira kuamsha darasa, halafu wanarudi kwenye kemia. Kesho mtoto anakumbuka mpira.

Babu naye ana hatari zake. Ya kwanza ni wanafunzi kudhani kwamba babu hushinda. Hashindi. Ukiongeza naitrojeni, atatumia sehemu yake kutengeneza amonia, lakini chomboni itabaki naitrojeni nyingi kuliko ilivyokuwa kabla hujaongeza. Kwa hiyo mwalimu humfanya babu anung’unike kila anapomaliza kuhama: “Nimepunguza tu, sijamaliza.” Mstari huo mdogo una thamani kuliko kilemba chote.

Hatari ya pili hujitokeza pale mwanafunzi mwerevu anapouliza: ikiwa joto linapunguza amonia, mbona viwanda vinatumia nyuzi joto 400 hadi 500 za Selsiasi? Swali zuri sana, maana kanuni ya Le Chatelier hueleza mwelekeo, haielezi kasi. Kwenye baridi babu anakubali kwenda kulia, ila anajikokota mno. Ndiyo sababu viwanda vya mbolea huvumilia hasara ya joto, hubana gesi kwa mgandamizo unaofika mara 200 ya ule wa hewa tunayovuta, na kuweka kichocheo cha chuma. Kichocheo humharakisha babu aendako na arudiko vilevile, kwa hiyo hakibadilishi atakapoishia.

Na lazima siku moja kilemba kivuliwe. Molekuli hazina ubishi wala nia. Zinagongana tu, na zikizidi upande mmoja, migongano ya upande huo inazidi pia. Mwanafunzi akiandika kwenye mtihani kwamba “mmenyuko umekataa”, msahihishaji hatampa alama.

Utajuaje kama wameelewa au wameshika kichekesho tu? Usiwaulize tena amonia. Wape mmenyuko ambao hawajawahi kuuona babu akiuigiza:

H2 + I2 ⇌ 2HI

Vyote vikiwa gesi, ongeza mgandamizo. Aliyekariri mchezo atamkimbiza babu kulia, kwa sababu ndiko alikokwenda mara ya kwanza. Aliyeelewa atahesabu kwanza, aone molekuli 2 kushoto na 2 kulia, kisha aandike kwamba msawazo hausogei.