Umilisi na Utendi: Kosa Hili ni la Wapi?

Juma lililopita tuliishia kwa Noam Chomsky na kitabu chake cha 1965, alimotenganisha umilisi, yaani ujuzi wa lugha ulio kichwani mwa msemaji, na utendi, yaani matumizi ya ujuzi huo pale anaposema au kusikiliza. Mwanafunzi wa mwaka wa pili hukariri maana hizi kwa siku moja. Kazi huanza anapopewa maneno yaliyosemwa na mtu akaulizwa: kosa hili ni la wapi?

Mama mmoja, akiwa na haraka, anasema: "Sanduku la vitabu vya watoto vimepotea." Kiima ni sanduku, kwa hiyo ingekuwa limepotea. Lakini vitabu vimejipenyeza kati ya kiima na kitenzi, na ile vi- iliyokuwa bado mdomoni ikamvuta. Mrudishie sentensi yake polepole, ataisahihisha mwenyewe, pengine kwa kicheko. Sarufi yake haina kasoro. Ulioteleza ni utendi.

Sasa msikilize kijana wa Nairobi: "Kitabu yangu imepotea." Mrudishie mara kumi, hatabadili neno. Kesho atasema kiti yangu imevunjika, na wenzake watasema vivyo hivyo. Hapa wanafunzi wengi huandika "kosa la utendi", nami huwakata maksi. Kuteleza huja na kupita, hili lina utaratibu wake. Kijana huyu ana umilisi kamili, ila wa sarufi ambayo upatanisho wake si ule wa Kiswahili sanifu.

Utendi unaweza pia kukwama pasipo kanuni yoyote kuvunjwa. Soma hii: "Paka ambaye mbwa ambaye mtoto alimfuga alimfukuza alipanda mti." Umerudia mara ngapi? Sarufi inaruhusu "mbwa ambaye mtoto alimfuga", na inaruhusu "paka ambaye mbwa alimfukuza". Nimekitia tu kishazi kimoja tumboni mwa kingine. Kinacholemewa ni kumbukumbu: unabeba nomino tatu zinazongoja vitenzi vyake, kisha vitenzi vitatu vinakuangukia kwa mfululizo. Geuza useme: "Paka aliyefukuzwa na mbwa aliyefugwa na mtoto alipanda mti." Tukio ni lilelile na vishazi havijapungua, ila sasa kila kitenzi rejeshi kimeshikana na nomino yake, na msikilizaji anapumua.

Tahadhari: umilisi hauonekani kwa macho. Hata ukimuuliza mtu kama sentensi fulani ni sawa, jibu lake nalo ni utendi, na huweza kupindwa na uchovu au na shule. Yule kijana wa Nairobi, ukimuuliza darasani, atajibu "kitabu changu", kwa kuwa ndivyo mtihani unavyotaka. Kwa hiyo msikilize pia nje ya darasa.

Kabla ya makala ijayo, mrekodi mtu wa nyumbani kwa dakika tano, kwa idhini yake, kisha uandike kila mahali alipojirudi na neno alilolibadilisha.