Kuchora Sentensi kwa Matawi

Mchoro wa matawi huonyesha jinsi maneno ya sentensi yanavyoshikana katika mafungu. Mfano ni huu: *Mwanafunzi aliyefika jana anasoma kitabu kipya.*

Kazi huanza kwa kutafuta kitenzi kikuu. Sentensi hii ina vitenzi viwili, *aliyefika* na *anasoma*. Ukiishia *mwanafunzi aliyefika jana*, msikilizaji atauliza: amefanya nini? Kiambishi *-ye-* ndicho kinachokifanya kitenzi hicho kishindwe kujitegemea. Kwa hiyo *aliyefika jana* ni kishazi tegemezi, na kitenzi kikuu ni *anasoma*.

Hatua ya pili ni kuigawa sentensi (S) mara mbili, kabla tu ya kitenzi kikuu. Upande wa kwanza ni kiima, yaani anayezungumziwa. Wa pili ni kiarifu, yaani yanayosemwa juu yake. Katika mchoro, kiima hiki huandikwa KN, kirai nomino, kwa kuwa neno lake kuu ni nomino. Kiarifu huandikwa KT, kirai tenzi.

Baada ya hapo kila fungu hugawanywa hadi kubaki neno mojamoja. N ni nomino, T kitenzi, V kivumishi, E kielezi. Kishazi kinachofanya kazi ya kivumishi huandikwa βV. Daftarini S hukaa juu na matawi hushuka. Hapa mchoro umelazwa:

```
S
├─ KN
│  ├─ N   mwanafunzi
│  └─ βV
│     ├─ T   aliyefika
│     └─ E   jana
└─ KT
   ├─ T   anasoma
   └─ KN
      ├─ N   kitabu
      └─ V   kipya
```

KN imetokea mara mbili, lakini kiima ni kimoja. KN hutaja aina ya fungu, ilhali kiima hutaja kazi yake. *Kitabu kipya* ni KN iliyo ndani ya kiarifu, nayo inafanya kazi ya yambwa.

Kosa la kawaida ni kukifanya kitenzi cha kwanza kuwa kikuu. Anayeweka *aliyefika* chini ya KT atakuta *anasoma* hakina pa kukaa. Mchoro sahihi haubakizi neno, matawi yake hayakatizani, na maneno yakisomwa kwa mpangilio hurudisha sentensi kamili.

Wakati mwingine maneno yaleyale huwa na michoro miwili. Katika *mtoto wa mwalimu mgonjwa*, anayeumwa ni nani? *Mgonjwa* likiungwa na *mwalimu*, mwalimu ndiye anayeumwa. Likiungwa moja kwa moja na *mtoto*, ni mtoto. Wingi huondoa utata: *watoto wa mwalimu wagonjwa* ni watoto wanaoumwa, na *watoto wa mwalimu mgonjwa* ni mwalimu anayeumwa. Kabla ya kuchora tawi la kivumishi, hakikisha kwanza kinamsifu nani.