Kusoma Batiki Kwenye Picha

Tuseme picha ya simu inaonyesha kitambaa cha kijani chenye duara nyeupe na duara za njano. Usikimbilie kununua rangi ya kijani. Mahali palipo peupe palifungwa kabla ya rangi yoyote. Palipo pa njano palifungwa baada ya kuchovya njano. Kijani ni buluu iliyopita juu ya njano. Kwa hiyo pakiti mbili zinatosha.

Chukua pamba tupu, uifue iondoke wanga wa dukani. Poliesta haishiki rangi hizi, hata uichemshe.

Ukitaka duara la upana wa sentimita 10, bana kitambaa katikati ya duara, kiinue kama hema, kisha funga sentimita 5 kutoka kwenye ncha. Upana wa uzi ndio upana wa mstari mweupe, kwa hiyo kwa mstari mnene zungusha utepe wa tyubu ya baiskeli. Loanisha, chovya njano, suuza. Sasa, bila kufungua vifundo vya kwanza, funga vile vya njano, ndipo uchovye buluu.

Mstari ukitoka na ukungu, uzi ulilegea. Kijani kikielekea buluu mno, njano ilikuwa hafifu. Jaribu kwanza kwenye kipande kidogo, ukikague kikikauka, maana rangi mbichi huonekana nzito kuliko ilivyo. Picha ya simu nayo hubadilisha rangi, hivyo mpangilio uamini kuliko kivuli chake.