Lakishi na Yerusalemu, 701 KK: Ushahidi wa Akiolojia Unapofika na Unapokoma

Mwaka 701 KK Senakeribu, mfalme wa Ashuru, aliivamia Yuda baada ya Mfalme Hezekia kumwasi. Vita hivyo vimesimuliwa katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 18 na 19. Waashuri nao waliviandika, na ardhi ya Yuda bado ina alama zake. Ni matukio machache ya Biblia yenye mashahidi wa namna tatu wanaoweza kulinganishwa hivi.

Lakishi ulikuwa mji wenye ngome, yapata kilomita 40 kusini-magharibi mwa Yerusalemu. Biblia inautaja kwa kupita tu: Senakeribu alikuwa huko Hezekia alipotuma ujumbe wa kusalimu amri. Katikati ya karne ya 19, Austen Henry Layard alichimbua jumba la Senakeribu huko Ninawi, katika Iraki ya leo, akakuta chumba ambacho kuta zake zilichongwa picha za mji unaozingirwa. Askari wanapanda tuta la mawe na udongo lililojengwa hadi ukutani, na wakazi wanatoka na mizigo yao kwenda uhamishoni. Maandishi yaliyochongwa hapo hapo yanautaja mji huo kwa jina, Lakishi. Tuta lenyewe lipo hadi leo kwenye pembe ya kusini-magharibi ya kilima cha magofu ya mji.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kulitambua tabaka la vita hivyo. James Starkey, aliyechimba kilima hicho miaka ya 1930, alikuta matabaka mawili yaliyoungua, moja juu ya jingine. La juu, la pili kwa hesabu ya wachimbaji, lilikubaliwa kuwa la Wababeli, walioiangusha Yuda mwanzoni mwa karne ya 6 KK. La chini yake, la tatu, ndilo lililozua ubishi, kwa kuwa majivu hayasemi nani aliwasha moto. Starkey alidhani kwamba hilo nalo ni la Wababeli, la mwaka 597 KK, yaani miaka kama kumi tu kabla ya lile la juu. Olga Tufnell, aliyefanya naye kazi, alilipeleka nyuma hadi 701 KK. Uchimbaji wa David Ussishkin, ulioanza mwaka 1973, ulimpa haki Tufnell: vyungu na mitungi ya matabaka hayo mawili vinatofautiana mno, na mabadiliko ya mitindo kiasi hicho hayawezi kutokea katika miaka kumi. Kwa hiyo tarehe ya 701 KK haikusomwa moja kwa moja kwenye udongo. Ilipatikana kwa kulinganisha vigae na kuvipima dhidi ya maandishi, na mwanafunzi anayesikia kwamba uchimbaji umethibitisha jambo fulani anapaswa kuuliza hatua hizo za katikati zilikuwa zipi.

Kuhusu Yerusalemu, shahidi mkuu wa Kiashuri ni mche wa udongo uliookwa, wenye pande sita, uliopatikana Ninawi mwaka 1830. Humo Senakeribu anajigamba kuwa aliteka miji 46 ya Yuda na kumfungia Hezekia katika mji wake kama ndege tunduni. Anadai alipokea talanta 30 za dhahabu na 800 za fedha. Biblia inataja dhahabu ile ile 30, ila fedha ni 300. Senakeribu hasemi popote kwamba aliingia Yerusalemu, na mfalme wa majigambo kama hayo asingeuacha ushindi mkubwa namna hiyo bila kuutaja. Kuokoka kwa mji, basi, kumethibitika kadiri jambo la kale linavyoweza kuthibitika.

Sababu ya kuokoka ni suala jingine. Kitabu cha Wafalme kinataja kwanza malipo ya Hezekia, kisha malaika aliyewaua Waashuri 185,000 usiku mmoja. Hakuna kaburi la jeshi hilo lililopatikana. Na hata lingepatikana, mifupa ingeweza kuonyesha kwamba watu wengi walikufa pamoja, pengine hata kwa ugonjwa gani, lakini isingeonyesha kama mkono wa Mungu ulikuwamo. Wala kukosekana kwa kaburi hakukanushi jambo hilo, kwa kuwa swali lenyewe haliko katika yale ambayo sepetu inaweza kuyapima.

Kuna jambo moja ambalo vyanzo vya nje vinalifichua vizuri, nalo ni namna mwandishi wa Biblia alivyopanga habari zake. Sura ya 19 inamrudisha Senakeribu Ninawi na mara moja inasimulia jinsi alivyouawa na wanawe, kana kwamba ni adhabu iliyofuata papo hapo. Kumbukumbu za Babeli nazo zinasema aliuawa na mwanawe, ila zinaliweka tukio hilo mwaka 681 KK, miaka 20 baada ya vita vya Yuda.