Waya Unaopanda Polepole

Kiatamizi cha vifaranga nilichokuwa nikiunda kilifanya kazi vizuri mezani. Vihisi viwili vya joto na unyevu na kioo kidogo cha kuonyeshea vilizungumza na kidhibiti bila kukosea, vyote vikitumia nyaya mbili za I2C, SDA na SCL. Nilipovihamishia ndani ya sanduku kwa kebo ya mita moja na nusu, mara joto lilisomeka, mara halikusomeka kabisa. Nikabadilisha vihisi, nikaandika upya programu, na siku mbili zikapotea bure. Kumbe kosa lilikuwa kwenye rezista.

Mtindo wa I2C ulibuniwa na Philips mwaka 1982, na nyaya zake ni za dreni wazi. Maana yake, chipu yoyote inaweza kuushusha waya hadi karibu na sifuri kwa kufungua transista yake, lakini hakuna hata moja inayoweza kuupandisha. Kazi ya kuupandisha ni ya rezista iliyounganishwa kati ya waya na volti za chanya. Faida yake ni kwamba chipu mbili hazitagombana, moja ikivuta juu na nyingine chini. Gharama yake ni kwamba kupanda hutegemea rezista peke yake.

Nao waya haupandi papo hapo. Kebo, pini za chipu na bodi yenyewe huhifadhi chaji kidogo, mithili ya mtungi unaopaswa kujazwa kupitia mrija. Rezista kubwa ni mrija mwembamba. Chipu huhesabu chini ya asilimia 30 ya volti kuwa sifuri, na juu ya asilimia 70 kuwa moja, kwa hiyo muda unaopimwa ni ule wa kutoka 30 hadi 70. Kwa kasi ya kilohezi 400, muda huo usizidi nanosekunde 300. Kwa kilohezi 100, unaruhusiwa hadi 1000.

Sasa tupime mtungi wangu. Kebo kama ile ina takriban pikofaradi 80 kwa mita, hivyo mita moja na nusu ni 120. Chipu nne, kidhibiti kikiwemo, nilizikadiria 10 kila moja, jumla 40. Bodi na viunganishi nikavipa 40 nyingine. Jumla yake ni pikofaradi 200.

```
R kubwa kabisa = tr / (0.8473 × C)
               = 300 ns / (0.8473 × 200 pF)
               = 1770 Ω
```

Kila kihisi kilikuja na rezista yake ya kilo-omu 10 juu ya kibodi chake. Kioo hakikuwa nayo. Rezista hizo mbili zikiwa sambamba ni kilo-omu 5, na muda wa kupanda ukawa nanosekunde 847, karibu mara tatu ya kikomo. Mezani, kwa nyaya fupi, mtungi ulikuwa nusu tu ya huo. Hata hapo kikomo kilikuwa kimepitwa, ila chipu zilinivumilia.

Mtu anaweza kusema basi weka rezista ndogo kabisa. Hapo ndipo kikomo cha pili kinaposimama. Chipu inaposhusha waya, lazima imeze mkondo wote unaopita kwenye rezista, na chipu ya kawaida inahakikishiwa kumeza miliampea 3 huku waya ukibaki chini ya volti 0.4.

```
R ndogo kabisa = (3.3 V − 0.4 V) / 3 mA = 967 Ω
```

Ukishuka chini ya hapo, sifuri yako huanza kuelea juu na kukaribia mpaka wa asilimia 30. Hili huwapata wanaopanga vibodi vingi kwenye waya mmoja: vibodi sita vyenye kilo-omu 4.7 kila kimoja hufanya omu 783, bila mwenyewe kuongeza rezista hata moja. Zima umeme, upime kwa mita kati ya SDA na chanya, utapata takriban thamani halisi.

Mita hiyo haitakuonyesha muda wa kupanda. Hapo utahitaji osiloskopu. Waya mzima huonekana kama ngazi zenye kona, na waya wangu ulionekana kama mapezi ya papa. Tumia kichomeo cha mara kumi, kwani kile cha mara moja chenyewe huongeza takriban pikofaradi 100 na kuharibu unachokipima.

Nilichomelea rezista ya kilo-omu 2.2 kwenye kila waya. Pamoja na zile kilo-omu 5 ikawa omu 1528: juu ya 967, chini ya 1770, muda wa kupanda nanosekunde 259, na mkondo kama miliampea 1.9. Baadaye nikashusha kasi hadi kilohezi 100 pia. Mayai hukaa siku 21, na kusoma joto mara moja kwa sekunde kumi hakuhitaji kilohezi 400.