Nani Alifanya Nini

Ripoti ya mauzo imesifiwa kikaoni, lakini mwenzake aliyeiwasilisha amesema "nilichambua" badala ya "tulichambua". Mhasibu aliyekesha na hesabu hizo afanyeje?

Asimkatize mbele ya bosi. Azungumze naye faragha, kisha amwandikie bosi baruapepe, nakala kwa mwenzake: "Asante kwa maoni ya leo. Hesabu za matawi nilizikusanya na kuzichambua mimi. Mwenzangu aliandaa slaidi na kuwasilisha. Maswali ya takwimu nitayajibu mimi."

Humo hamna lawama. Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito, maana inampa bosi sababu ya kikazi ya kukumbuka nani anazijua hesabu.

Majarida mengi ya kisayansi huzuia mzozo huu mapema kwa mfumo wa CRediT, wenye majukumu 14 yanayotajwa kwa kila mwandishi. Ofisi nazo ziandike mgawanyo wa kazi ukurasa wa kwanza wa ripoti.